Kufumbua misimu ya wanajeshi, mabaharia na wafungwa: umuulize mwenyewe, usikilize, au utafute orodha?

Mzee wa Luweero anayesimulia miaka ya themanini anaweza kukwambia, katikati ya Kiganda chake, kwamba jirani yake alichukuliwa kwenye "panda gari". Mswahili wa Dar es Salaam anayajua maneno yote mawili, lakini hajui kilichotokea. Mganda asiyejua Kiswahili hata cha salamu anakijua vizuri sana. Wakati wa utawala wa pili wa Obote, wanajeshi walikuwa wakizingira mtaa, wanawapanga watu mstari, na wanaotiliwa shaka wanaamriwa wapande lori. Wengine hawakurudi. Amri ya askari ikageuka jina la msako wenyewe.

Hapa Uganda jambo hili lina ugumu wake wa pekee, kwa sababu Kiswahili chenyewe kwa muda mrefu kimekuwa lugha ya kambi. Kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, kikabaki jeshini na polisi baada ya uhuru wa 1962, na raia wengi wa kusini walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Kwa hiyo anayefika na Kiswahili sanifu huwa na haraka ya kudhani ameelewa, na ndiye anayepotea kabla ya wengine.

Nimeandika kwa ajili ya mtu mwenye kazi mkononi: mkalimani wa mahakamani, mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada, mwandishi wa habari, afisa ustawi wa jamii anayeingia gerezani kila wiki. Zipo njia tatu kubwa za kufumbua maneno ya watu wa ndani. Unaweza kumuuliza mtu aliyetoka ndani. Unaweza kusikiliza kwa muda mrefu na kuandika kila sentensi ilivyotumika. Au unaweza kutafuta orodha iliyokwisha kuandikwa, iwe kamusi, faharasa au jedwali la alama za siri lililotekwa. Watu hubishana ipi ni bora. Mimi naona ubishi huo hauna maana mpaka ujue neno lililo mbele yako linafanya kazi gani.

Kwa nini neno lilizaliwa

Makundi haya hayatungi maneno kwa sababu moja. Mwanajeshi anahitaji neno fupi litakalosikika katikati ya kelele, na anahitaji pia neno laini la kusema jambo asilotaka kulisema wazi. Baharia yumo chomboni na wenzake waliotoka bandari kumi tofauti, kwa hiyo lugha yao ni mchanganyiko wa kazi kabla haijawa siri. Mfungwa ana askari nyuma ya mgongo saa zote, naye hasa anataka asieleweke. Zaidi ya hayo, wote watatu wametolewa katika maisha ya kawaida, wamenyang'anywa nguo zao na wakati mwingine majina yao, na lugha ni kitu kimojawapo walichobaki wakikimiliki.

Mwanaisimu Michael Halliday aliandika mwaka 1976 kuhusu lugha za namna hii, akitumia mifano ya magereza ya Polandi na ya wahalifu wa Kolkata, India. Alionyesha kwamba lugha hizi huzaa maneno mengi kupita kiasi mahali pale pale ambapo maisha ya kundi yanabana. Katika orodha ya Kolkata polisi peke yake alikuwa na majina 41, na bomu 21. Kama shida ingekuwa kuficha tu, jina moja la siri lingetosha. Majina 41 yanaonyesha mchezo, mashindano ya ufundi wa kusema, na chuki inayotafutiwa njia ya kutokea.

Kwa mtu wa nje, kuna kipimo kimoja rahisi cha kutenganisha kazi hizi, nacho ni umri wa neno. Neno la kuficha hufa mara tu askari anapolijua, halafu linazaliwa jingine. Neno la kutambuana na la kuheshimiana hukaa vizazi na vizazi. Chukua "afande". Asili yake ni "efendi" ya Kituruki, iliyopitia majeshi ya Misri na Sudani. Kapteni Lugard, Mwingereza, alipowaajiri mwaka 1891 askari wa Kisudani walioachwa na gavana Emin Pasha na kuwaleta Uganda, alileta pia desturi zao za kambi, na wajukuu wao ndio Wanubi wetu wa leo. Katika jeshi la kikoloni efendi kilikuwa cheo cha Mwafrika. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Leo kila raia anayesimamishwa barabarani anasema "afande". Neno hilo halimfichi mtu yeyote, na halikutungwa kwa ajili hiyo.

Mabaharia wanatupa mfano wa upande wa pili. Huko Uingereza, wahudumu wa meli za abiria na wanaume mashoga walishirikiana misimu iliyoitwa Polari, wakati ushoga ulipokuwa kosa la jinai. Katikati ya miaka ya sitini kipindi cha vichekesho cha redio ya BBC kilianza kuitumia kila wiki mbele ya mamilioni ya wasikilizaji. Mwaka 1967 sheria nayo ikalegezwa. Siri ilikwisha kutoka, na haja ya siri ikapungua, Polari ikafifia.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo manne. Kwanza, njia inakupa nini hasa: maana ya kamusi, au pia uzito wa neno, nani analisema na kwa nani. Pili, utajuaje kwamba umekosea, maana kila njia hudanganya kwa namna yake. Tatu, muda. Nne, nani anaweza kuumia. Hili la nne watu hulisahau: neno la mfungwa likishaandikwa gazetini, msimamizi wa gereza naye husoma magazeti.

Njia ya kwanza: kumuuliza aliyetoka ndani

Inachokupa ni mipaka ya neno, kitu ambacho huwezi kukipata kwingine. Mfano mzito ni "ting ting" la LRA, kundi la waasi la kaskazini mwa Uganda. Kwa juu juu ungeandika "msichana mdogo", ukaendelea na kazi yako. Waliotekwa na kuishi huko porini ndio wanaoweza kueleza kwamba lilikuwa daraja. Ting ting ni msichana aliyetekwa, aliyewekwa katika nyumba ya kamanda akitumikishwa kazi za nyumbani, kwa sababu bado hajahesabiwa kuwa amekua. Akihesabiwa amekua, anapewa mwanamume, na jina hilo linamtoka. Kwa hiyo neno linabeba ndani yake jambo litakalofuata. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, tarehe 4 Februari 2021, kwa makosa yakiwemo utumwa wa kingono na ndoa za kulazimishwa, maelezo ya namna hii yalikuwa sehemu ya ushahidi. Hakuna kamusi ambayo ingeyatoa.

Lakini mtu wa ndani hukosea, na hukosea kwa kujiamini. Anajua kambi yake na miaka yake tu. Aliyekuwa Luweero mwaka 1984 hana habari ya misimu ya vijana walioingia jeshini juzi, ila ukimuuliza atakujibu, kwa sababu heshima yake iko hapo. Mwingine atakupa maana iliyolainishwa kwa sababu yeye mwenyewe alishiriki. Mwingine anaogopa. Mwingine ameona unafurahi anapokupa maneno ya kutisha, basi anakuongezea.

Dawa ninayoiamini ni kumgeuzia swali. Usimuulize kila mara "neno hili maana yake nini?" Mpe hali, umwombe neno: "Mtu akija mpya, siku ya kwanza, mnamwitaje?" Wapate watu wawili wasiofahamiana, uone kama wanakutana. Na katika orodha ya maneno ishirini, ingiza moja ulilolitunga wewe mwenyewe. Mzee akikueleza maana ya neno lako la kubuni, tena kwa mifano, mshukuru, maliza chai yako, halafu maelezo yake mengine yote uyasome upya kwa tahadhari.

Kwa muda ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Mchana mmoja unaweza kukupa maneno mengi. Kwa hatari ndiyo nzito. Aliyetoka porini au gerezani anaweza kuonekana msaliti kwa wenzake na mshukiwa kwa serikali, na maswali yako yanaweza kumrudisha mahali alipojitahidi kupasahau. Usimwandike jina, na usimsukume. Njia hii inamfaa anayehitaji uzito wa neno: mwanasheria, mshauri nasaha, mwanahistoria.

Njia ya pili: kusikiliza na kuandika

Hapa humuulizi mtu yeyote maana. Unakusanya sentensi nzima nzima, na kwa kila moja unaandika tarehe, aliyesema, aliyeambiwa, na kilichotokea kabla na baada. Kisha unaweka dhana ya maana na kuijaribu katika kila sentensi. Sentensi moja ikikataa, ama dhana yako ni mbaya, ama neno lina maana mbili.

Tujaribu na "kadogo", kwa sentensi nilizozitunga mwenyewe zikifuata jinsi watu wanavyolitumia. Ya kwanza: "Kadogo alibeba bunduki iliyomzidi urefu." Dhana ya haraka ni mtu mfupi, na inaingia. Ya pili: "Alianza kama kadogo, sasa ni meja." Ufupi umekataa, maana mtu haanzi kama mfupi akaishia kuwa meja. Basi tuseme "mtoto". Inaingia katika zote mbili. Ya tatu: "Yule mwenye mvi pale ni kadogo wa Luweero." Mtoto naye amekataa. Kinachobaki ni maana ambayo inaingia kote: mtu aliyeingia katika NRA, jeshi la waasi lililopigana msituni huko Luweero, akiwa mtoto, kati ya 1981 na 1986, na ambaye historia hiyo haimtoki hata akizeeka. Sentensi tatu zimefanya kazi ambayo swali moja la moja kwa moja lingeiharibu, kwa sababu ukimuuliza mtu "kadogo ni nini?" atakujibu "ni kadogo, mtoto."

Udhaifu wa njia hii ni kwamba unahitaji sentensi nyingi, na maneno ya siri hasa husemwa mara chache, tena si mbele yako. Ukiwa na sentensi mbili tu, karibu kila dhana itaingia.

Mfano mkubwa kuliko wote wa njia hii umetokea hapa kwetu kaskazini. LRA walikuwa wakiwasiliana kwa redio za masafa ya mbali, kwa Kiacholi, kwa saa zilizopangwa. Upande wa serikali walikuwepo wasikilizaji wa jeshi, wa Shirika la Usalama wa Ndani na wa polisi, kila kikundi na redio yake na daftari lake. Msikilizaji aliandika harakaharaka yale aliyoyasikia, kisha akayahamishia katika daftari rasmi. Mazungumzo mengine yalirekodiwa kwenye kanda za kaseti. Mtu anayesikiliza sauti zilezile mwaka baada ya mwaka huacha kuhitaji majina. Anamjua kamanda kwa kikohozi chake. Anajua kwamba jina fulani la redioni, kwa mfano "Tem Wek Ibong", ni Ongwen, kwa sababu jina hilo linapotokea, sauti ni ileile na mambo yanayoripotiwa yanalingana na mahali kikosi chake kilipo.

Kilichoufanya ushahidi huo uwe na nguvu miaka mingi baadaye katika kesi ya Ongwen ni kwamba madaftari yalikuwa zaidi ya moja. Shambulio la LRA huko Pajule la tarehe 10 Oktoba 2003, la Odek la 29 Aprili 2004, la Lukodi la 19 Mei na la Abok la 8 Juni mwaka huohuo, yote yaliweza kutafutwa katika maandishi ya wasikilizaji waliofanya kazi kila kikundi kivyake, kisha yakapimwa na maelezo ya waliokuwepo. Pale maandishi mawili yanapokubaliana, uwezekano wa mmoja kusikia vibaya unapungua. Pale yanapotofautiana, hapo ndipo unarudi kwenye kanda.

Hata hivyo madaftari yanayokubaliana yana kikomo chake. Makamanda wa LRA walijua wanasikilizwa. Ndiyo maana walitumia mafumbo tangu mwanzo. Anayejua anasikilizwa anaweza kutia chumvi, au kutaja mahali asipokuwepo. Kusikiliza kunakupa kwa usahihi kile kilichosemwa. Kama kilichosemwa kilikuwa kweli, hilo linahitaji shahidi wa aina nyingine.

Muda wake ni miezi, mara nyingi miaka. Hatari kwa wasemaji inategemea kama wanajua unaandika. Mwanafunzi anayekaa kwenye kituo cha boda na daftari la siri mfukoni hana tofauti kubwa na jasusi, na watu wakimgundua hawatamuuliza barua ya chuo kwanza. Njia inamfaa mtafiti mwenye muda na ruhusa, na yeyote mwenye rundo la rekodi za zamani ambazo wasemaji wake hawapo tena.

Njia ya tatu: orodha, kamusi, jedwali lililotekwa

Ukiwa na orodha sahihi, kazi ya mwezi inaisha kwa dakika. LRA walikuwa na mfumo ulioitwa TONFAS, jina lililounganishwa kutoka herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya mambo sita ya redio: saa, opereta, majina ya siri, masafa, anwani na usalama. Ujumbe muhimu haukusemwa kwa maneno, ulisomwa kwa alama ambazo mwenye karatasi tu ndiye angezigeuza. Hapo usikilizaji wa kawaida unagonga mwamba: unaweza kumjua msemaji kwa kikohozi, lakini mfululizo wa alama hauna muktadha wa kukusaidia. Ukipata karatasi, umemaliza. Karatasi ikibadilishwa, umerudi ulikoanzia, na wao walizibadilisha.

Hiyo ndiyo kanuni ya orodha zote: huchakaa kwa kasi ileile ambayo siri inabadilika. Kwa maneno ya kudumu, orodha ni nzuri na ni uvivu kutoitumia. Afande, kuruta kwa askari anayefunzwa, mchakamchaka kwa zile mbio za kuimba alfajiri ambazo baadaye ziliwapa jina mafunzo ya siasa kwa raia, hayo yameandikwa na hayajabadilika sana. Kwa maneno ya siri ya gerezani, orodha iliyochapishwa ni makaburi tu. Inakuambia walivyosema, si wanavyosema.

Kosa la orodha lina sura yake, nalo ni rahisi kuligundua: sentensi inakuwa safi kisarufi na ya kipuuzi kimaana. Wafungwa wa Uganda humwita mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wenzake "katikkiro". Kamusi ya Kiganda itakuambia Katikkiro ni waziri mkuu wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na ukitafsiri "katikkiro alitunyima chakula" kwa msaada wa kamusi peke yake, umeifungulia kesi Mengo, makao ya serikali ya Kabaka. Kichekesho hicho ndicho kiini cha neno: watu walionyang'anywa kila cheo wamejijengea ufalme ndani ya ukuta. Tazama pia "saba saba". Kamusi itakupa nambari, kalenda itakupa sikukuu ya Tanzania ya tarehe 7 Julai. Aliyekuwa Masaka au Kampala mwaka 1979 atakwambia ni makombora ya roketi ya jeshi la Tanzania lililokuja kumng'oa Amin, yaliyofyatuliwa mfululizo kutoka kwenye lori, na atakuigizia mlio.

Na maneno mapya hayangoji mchapishaji. Wakati wa uchaguzi wa 2021, "droni" mjini Kampala haikuwa ndege isiyo na rubani. Ilikuwa gari la abiria aina ya Toyota Haiasi, la aina iliyokuwa ikitajwa watu wanapochukuliwa na wasirudi nyumbani. Kumbuka neno hilo lilitungwa na raia kuwahusu askari. Lugha ya kujificha hutungwa na anayefukuzwa, awe na sare au hana.

Hatari ya orodha iko kwa anayeichapisha. Faharasa ya misimu ya gereza fulani, yenye maneno wanayotumia wafungwa sasa hivi kuonyana kwamba msako unakuja, itasomwa kwanza na watu wasiopaswa kuisoma. Njia hii inamfaa mwenye maandishi ya kale, mfasiri mwenye muda mfupi, na anayehitaji mahali pa kuanzia tu.

Sentensi moja, njia zote tatu

Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano wa simulizi za miaka ile: "Walitufunga kandoya, tukalala Makindye."

Orodha inaanza. Makindye ni kilima cha Kampala chenye kambi ya jeshi iliyokuwa pia mahabusu. "Kandoya" haimo katika kamusi za kawaida za Kiswahili. Mfasiri mwenye haraka ataandika "walitufunga kamba", na sentensi itapita bila mtu kushtuka.

Usikilizaji unakwenda mbele zaidi. Ukikusanya sentensi nyingine za wasimulizi tofauti, utaona kandoya haifuatwi na habari ya kufunguliwa au kutoroka. Inafuatwa na mikono: mikono iliyokufa ganzi, mikono isiyoshika kijiko, makovu juu ya viwiko. Tayari unajua kwamba si kamba ya kawaida.

Mtu aliyepitia anakamilisha, mara nyingi kwa kuonyesha badala ya kusema. Viwiko vyote viwili vinavutwa nyuma ya mgongo mpaka vinakaribia kugusana, kisha vinakazwa kwa kamba juu yake. Kifua kinasukumwa mbele na pumzi inakuwa ndogo. Akiachwa hivyo kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu inaumia na mikono inaweza kupooza. Maelezo haya hayategemei neno peke yake: daktari anaweza kutazama viwiko na kupima nguvu ya vidole.

Tofauti ya tafsiri hapa ni kubwa. "Kufungwa kamba" ni jambo ambalo polisi yeyote anaweza kulitetea. Kandoya iliyoelezwa sawasawa ni mateso, na mateso Katiba ya 1995 imeyakataza bila kuacha mwanya, kisha sheria ya 2012 ikayafanya kosa la jinai linalosimama peke yake. Mkalimani anayeogopa kukatiza shahidi ili aulize "kandoya ilikuwaje?" anaweza kuipoteza kesi kwa neno moja.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Ukiwa mkalimani na shahidi yuko mbele yako, anza na mtu wa ndani, ambaye ni huyohuyo shahidi. Liache neno lake kama lilivyo, omba ruhusa aeleze, kisha tafsiri maelezo. Orodha iwe ya kukujulisha mapema ni maneno gani ya kuyategea sikio.

Ukiwa na kanda au madaftari ya zamani na wasemaji wamekufa au wametawanyika, fanya kazi ya muktadha kwanza, dhana zako ziandike kwa penseli, halafu mtafute mtu mmoja au wawili wa ndani wa kuzikagua. Usiwape dhana zako mapema. Ukishamwambia mtu "nadhani maana yake ni hii", wengi wetu, kwa adabu tuliyolelewa nayo, tutakubali.

Ukiwa mwandishi wa habari mwenye siku mbili, tumia orodha kwa maneno ya kudumu na mtu wa ndani kwa yale ya leo. Neno lililosemwa na chanzo kimoja tu liandike kama neno lake yeye, lisiwe "wafungwa husema".

Ukiwa mfanyakazi wa gereza au shirika linalosaidia wafungwa, sikiliza zaidi ya kuuliza. Ukianza kudodosa maneno, utaonekana umetumwa, na maneno yatabadilishwa kabla hujarudi wiki ijayo. Yale utakayoyaelewa yakae kichwani. Isipokuwa neno linalokuonya kwamba mtu ataumizwa: hilo shughulikia hatari yenyewe, bila kutaja ulivyoijua.

Ukiwa mwanafunzi unayetafuta mada, usianze na maneno ya siri ya leo. Anza na yale ambayo siri yake imekwisha na waliokuwepo bado wako hai: kadogo, panda gari, saba saba. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati Kampala ilipoanguka mwaka 1979 sasa yuko katika sitini zake. Hapo njia zote tatu zinawezekana kwa pamoja, huhatarishi mtu kwa kiasi kikubwa, na kila mwaka unaoahirisha, njia ya kwanza inapungua wasemaji.

Na kama ulicho nacho ni mfululizo wa namba au herufi usiofanana na maneno, acha kuutolea jasho. Huo haufumbuliwi kwa masikio. Tafuta karatasi, au aliyekuwa akiishika.